Unachouliza Ndicho Utakachotibu

Mhadhara kwa wauguzi na wakunga wa Handeni na Korogwe kuhusu huduma baada ya mimba kuharibika



Moduli tunayoianza ina vichwa vinne: madhara yanayompata mama baada ya mimba kutoka, kumfariji, kumshauri kuhusu uzazi wa mpango, na kuzungumza naye bila kumhukumu. Kichwa hicho cha mwisho hufundishwa mchana, watu wakiwa wameshiba na wanasinzia, kana kwamba ni somo la adabu njema. Mimi nitaanza nacho, na sababu yangu si adabu. Mwanamke uliyemtisha atakupa historia ya uongo, na historia ya uongo itakupeleka kwenye matibabu ambayo si yake.

Tuanze na mazingira yetu. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walikadiria kuwa nchini mwetu mimba zilizotolewa kwa mwaka huo zilikuwa 405,000 hivi, na kwamba wanawake 66,600 walitibiwa vituoni kwa sababu ya madhara yake. Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inampa anayetoa mimba ya mtu kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kila mwanamke anayeingia mapokezini na kanga iliyolowa anaijua habari hiyo, hata kama hajui namba ya kifungu. Tatizo ni kwamba muuguzi naye anaijua nusunusu, akadhani kumtibu mgonjwa huyu ni kujiingiza kwenye kesi. Vifungu vya 150 hadi 152 vya sheria hiyo vinamhusu anayetoa mimba, anayetolewa na anayetoa vifaa au dawa za kutolea. Hakuna kinachomkataza mtu kusimamisha damu, kutibu usaha au kuondoa mabaki ya mimba ambayo tayari imeharibika. Hiyo ni huduma ya dharura ya uzazi, sawa na kumhudumia mama anayetoka damu baada ya kujifungua.

Sasa nichukue kisa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, lakini hakuna mtu humu atakayekiona kigeni.

Binti wa miaka 19, mwanafunzi wa kidato cha nne, anatoka kijiji cha ndani upande wa Mkata. Anafika zahanati akiwa na homa, anaumwa tumbo la chini, anajisikia kuchoka. Muuguzi anampima malaria kwa kipimo cha haraka, na kipimo kinaonyesha anayo. Anapewa dawa ya mseto, anarudi nyumbani. Siku ya pili shangazi yake anamleta kituo cha afya kwa bodaboda, amelegea, amefunga kanga mbili na zote zimelowa.

Nisimame kwenye kile kipimo cha malaria, maana hapo ndipo pana mtego wetu wa Korogwe na Handeni. Wilaya hizi zimeishi na malaria kiasi kwamba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake pale Korogwe, na tumezoea kuiita kila homa kwa jina moja. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, eneo linalotuhusu, na ukaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali hawakuwa na vimelea kwenye damu. Kibaya zaidi, wale wasio na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi, na wengi wao hawakupewa antibiotiki. Siku hizi tuna vipimo vya haraka, lakini navyo vina tabia yao: kile tunachokitumia zaidi kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Hata kikisema kweli, mtu anaweza kuwa na malaria na kizazi chenye usaha kwa wakati mmoja. Basi mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye homa na maumivu ya tumbo la chini aulizwe hedhi yake ya mwisho na kama anatoka damu, kipimo kiseme lolote litakalosema. Yule binti hakuulizwa.

Turudi kituo cha afya. Muuguzi wa kwanza anamwangalia, anaiona damu, na mbele ya shangazi na ya wagonjwa waliokaa kwenye benchi anauliza: "Nani kakutoa?" Binti anajibu kwamba aliteleza kisimani na ndoo ya maji. Jibu hilo linaandikwa kwenye faili. Tangu dakika hiyo, kwa mujibu wa karatasi, tuna mgonjwa ambaye mimba imetoka yenyewe kwa kuanguka: hakuna kilichoingizwa mwilini, hakuna wasiwasi wa pepopunda, hakuna sababu ya kufikiria kwamba kizazi kimetoboka. Swali moja limefuta mambo matatu.

Muuguzi wa pili anakuja na kuvuta pazia. Anamwambia shangazi, kwa heshima, "Shangazi, naomba ukatusaidie kumwandikisha pale dirishani, sisi tunamhudumia." Kisha anainama usawa wa kichwa cha mgonjwa, si kumsimamia juu kama askari, na kusema kwa sauti ya chini: "Pole, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kukutibu. Sitakuuliza kwa nini, wala nani. Ila kuna dawa ninazochagua kufuatana na kilichotokea, kwa hiyo nisaidie. Mara ya mwisho uliona siku zako lini? Damu ilianza lini? Kuna dawa yoyote uliyokunywa au kuweka? Kuna kitu chochote kilichoingizwa ukeni, na ilikuwa siku gani?"

Zingatieni maswali hayo. Yapo manne, na kila moja lina kazi. Hedhi ya mwisho inakupa umri wa mimba, na umri wa mimba unakuambia kama kizazi kinaweza kusafishwa kwa bomba la mkono la kufyonza, ambalo hutumika mpaka ukubwa wa kizazi wa wiki 12 hivi. Siku damu ilipoanza inakupa picha ya kiasi kilichopotea na muda ambao wadudu wamekuwa wakizaliana. Dawa aliyotumia inaeleza maumivu, kutapika au sumu ambayo ingekushangaza baadaye. Na kitu kilichoingizwa kinabadilisha kila kitu. "Kwa nini" halimo, kwa sababu jibu lake halina dozi. Nimesikia watu wakilitetea kwamba linasaidia ushauri nasaha. Litasaidia, baadaye, mgonjwa akilianzisha mwenyewe.

Binti anasema, akiangalia ukuta: siku tano zilizopita mtu alimwingiza kitu, hajui ni nini. Sasa tunajua tunachokitibu.

Vipimo vyake ni hivi: mapigo 124 kwa dakika, shinikizo la juu la damu 84, joto 38.9, mikono ya baridi, uzito kilo 45. Huyu yuko kwenye mshtuko, na huenda una vyanzo viwili, damu na maambukizi. Msiamini kanga peke yake. Ukiona mapigo yanazidi 110 na shinikizo la juu liko chini ya 90 huku damu inayoonekana ni kidogo, jiulize damu imekwenda wapi. Inaweza kuwa tumboni, kwa kizazi kilichotoboka au mimba iliyotunga nje ya kizazi, au tatizo si damu bali ni usaha ulioingia kwenye mzunguko.

Muuguzi anaita msaada. Miguu inainuliwa, oksijeni inawekwa, anafunikwa asipate baridi. Mishipa miwili inatafutwa kwa kanula kubwa, na lita ya kwanza ya Ringa au salaini inakimbizwa kwa dakika 15 hadi 20. Kabla ya dripu kuunganishwa, damu inachukuliwa kupima wekundu, kundi na kulinganisha na ya benki. Mpira wa mkojo unawekwa, maana mkojo ndio unaoonyesha kama maji uliyoyaingiza yanafanya kazi: tunataka angalau mililita 30 kwa saa. Antibiotiki haisubiri hospitali. Inaanza pale pale: ampisilini gramu 2 kwenye mshipa kila baada ya saa 6, gentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo mara moja kwa siku, ambayo kwa kilo 45 ni miligramu 225, na metronidazo miligramu 500 kila baada ya saa 8. Zitaendelea mpaka homa iwe imekata kwa saa 48. Na kwa kuwa kuna kitu kilichoingizwa, anapewa kinga ya pepopunda.

Kisha tumbo. Likiwa gumu kama ubao, likiuma zaidi unapoachia mkono kuliko unapobonyeza, au mgonjwa akilalamika maumivu ya bega, fikiria kizazi au utumbo umetoboka. Mgonjwa huyo hasafishwi kituoni. Anahitaji chumba cha upasuaji, na kumfyonza kunaweza kuvuta utumbo. Tumbo la binti yetu ni laini, linauma chini tu. Kwenye uchunguzi wa ukeni, usaha unanuka, na kipande cha mabaki kimekwama kwenye mlango wa kizazi. Hapa kuna jambo dogo linalookoa maisha: kipande hicho kikitolewa kwa koleo la pete, damu hupungua, na mara nyingine shinikizo linapanda mbele ya macho yako, kwa sababu kule kunyooshwa kwa mlango wa kizazi peke yake kunaweza kushusha mapigo na shinikizo. Kwa mkunga aliyefundishwa, hiyo ni kazi ya dakika mbili kabla ya gari kuondoka.

Gari linaondoka kwenda hospitali ya wilaya. Kwa wa Korogwe ni Magunga. Kwa wa Mkata uchaguzi unategemea gari na barabara ya siku hiyo, na ikishindikana kote ni Bombo, Tanga mjini. Barua ya rufaa iandikwe dozi na saa zilipotolewa. Pia iandikwe "kuna historia ya kifaa kuingizwa ukeni siku 5 zilizopita" ndani ya bahasha iliyofungwa, siyo kwenye karatasi ya wazi anayoishika shangazi.

Pale hospitali, baada ya shinikizo kutulia, kizazi kinasafishwa. Ukubwa wake ni wiki 10. Misoprostoli ya kumeza mikrogramu 600, au 400 chini ya ulimi, ni tiba nzuri kwa mabaki ya mimba changa pale mama akiwa imara na bila maambukizi. Huyu ana usaha, hatuwezi kukaa siku kadhaa tukisubiri kizazi kijisafishe. Anafyonzwa.

Nataka kukaa kidogo kwenye maumivu, kwa kuwa hukumu yetu hujificha hapo. Hakuna anayemwambia mgonjwa "utateseka kwa ulichofanya". Tunasema "ni dakika tano tu, vumilia", na ganzi inabaki kabatini. Ibuprofeni itolewe nusu saa hadi saa nzima kabla, kama mgonjwa anaweza kumeza na figo zake hazina shaka. Ganzi ya kuzunguka mlango wa kizazi ni lignokaini ya asilimia 1. Kiwango cha juu ni miligramu 4.5 kwa kilo, yaani kama miligramu 200 kwa binti wa kilo 45, ambazo ni mililita 20. Angalieni chupa: nyingi zinazotufikia ni za asilimia 2, na mililita 20 za hiyo ni mara mbili ya kiasi anachoweza kubeba. Vuta 10, ongeza salaini 10. Kila unapochoma, vuta kwanza bomba la sindano uone kama kuna damu, kisha sukuma taratibu, na ukimaliza subiri dakika tatu kamili. Wengi hawasubiri, halafu wanasema ganzi haifanyi kazi. Mgonjwa akikuambia ulimi unakufa ganzi au masikio yanavuma, acha kuchoma, dawa imeingia kwenye damu.

Wakati wote huo awepo mtu mmoja kichwani pa mgonjwa ambaye kazi yake ni kuzungumza naye: sasa utasikia baridi, sasa utasikia mvuto kama wa hedhi, tumebakiza kidogo. Kizazi kikiwa kitupu, povu jekundu au la waridi linapita bila nyama, ncha ya mrija inakwaruza ukuta, na kizazi kinaubana mrija. Mabaki yaangaliwe kwenye maji safi, nyuma ya pazia, siyo mbele ya macho yake. Usipoona nyama yoyote ya mimba wakati historia inasema wiki 10, usifurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi. Pengine ilishatoka yote nyumbani, pengine imebaki, au mimba ilikuwa nje ya kizazi.

Ametoka, yuko wodini, homa inashuka. Sasa ndipo kitabu kinaposema "mpe msaada wa kihisia", na muuguzi anajiandaa kumfuta mtu machozi ambayo huenda hayapo. Kuna anayelia kwa uchungu wa kupoteza. Kuna aliyepata nafuu na anaona aibu kuionyesha. Kuna anayehisi vyote kwa saa moja. Usimchagulie. Swali linalofanya kazi ni jepesi: "Sasa hivi ni nini kinakutia wasiwasi zaidi?" Binti yetu hakutaja mimba kabisa. Alisema: baba akijua, na shule. La shule lina jibu, na muuguzi alijue, kwa kuwa tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. La baba halina jibu la haraka, lakini lina mpaka: hakuna ndugu anayeambiwa sababu ya kulazwa bila yeye kukubali. Shangazi akiuliza, "Alikuwa na maambukizi ya tumbo, anaendelea vizuri" ni kauli ya kweli na inatosha. Muulize pia, akiwa peke yake, kama mimba ilipatikana kwa kulazimishwa, na kama ana mawazo ya kujidhuru. Majibu ya ndiyo hapo yanampeleka kwa daktari na ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, si kliniki ya mwezi ujao.

Na tafadhali, kama kuna kitanda kingine chochote, asilazwe kati ya akina mama wanaonyonyesha.

Uzazi wa mpango nimeuacha mpaka hapa kwa makusudi, lakini usisubiri kupita siku ya kuruhusiwa. Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, hata siku ya nane au ya kumi, kabla hajaona hedhi yoyote. Ukimwambia "rudi baada ya wiki sita" umemwambia arudi huenda akiwa na mimba nyingine. Na kutoka vijiji vya ndani vya Handeni nauli ya kurudi si jambo la kuchukulia kwamba ipo.

Ugumu ni kwamba kitanda cha pili amelala mama wa miaka 34 kutoka Mombo ambaye mimba ya tatu mfululizo imemharibikia na aliitaka kwa moyo wote. Muuguzi akiingia na trei ya sindano na vipandikizi na kuwahutubia wote wawili, huyu wa pili anasikia kwamba tunamwambia asizae. Kuna swali moja linalofaa vitanda vyote viwili: "Ungependa kushika mimba tena, na kama ndiyo, lini?" Mama wa Mombo atajibu mapema kadiri iwezekanavyo, na hapo utampa ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa kusubiri angalau miezi sita, pamoja na uchunguzi wa kwa nini zinaharibika. Mimba tatu zikitoka mfululizo, lazima mtu atafute chanzo. Binti atasema hataki mpaka amalize masomo. Kwa yeye tunaanza kuchagua.

Vipandikizi, sindano na vidonge vinaweza kuanza siku hiyo hiyo, hata kama bado yuko kwenye antibiotiki. Kitanzi hakiwekwi sasa, kwa sababu kizazi chake kilikuwa na usaha. Asiwekewe mpaka maambukizi yaishe kabisa. Mama mwingine aliyesafishwa bila maambukizi angeweza kuwekewa kitanzi hapo hapo mezani. Mwelezeni madhara kabla hajayaona: kipandikizi huvuruga hedhi, na kwa mtu ambaye ametoka tu kuogopa damu, matone ya miezi ya mwanzo yatamrudisha kituoni akidai kitolewe, au atakwenda kutolewa na mtu asiyejua. Sindano ya miezi mitatu ni rahisi kuificha nyumbani, lakini uzazi huchelewa kurudi, na inahitaji nauli mara nne kwa mwaka. Binti akichagua kondomu peke yake, au akisema hataki chochote, anaruhusiwa kwenda nyumbani saa ile ile ambayo angeruhusiwa akichagua kipandikizi. Nasisitiza kwa sababu nimesikia sentensi ya "tukuwekee kijiti ndipo tukupe ruhusa" ikisemwa kwa nia njema kabisa.

Anapoondoka ajue mambo haya kwa maneno yake mwenyewe, ayarudie mbele yako: damu ya kulowesha pedi mbili au vitambaa viwili kila saa, kwa saa mbili mfululizo, ni ya kurudi mbio. Homa, uchafu unaonuka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua na kuzimia ni hivyo hivyo. Matone mepesi ya wiki mbili si ugonjwa. Asiingiliane mpaka damu ikatike na maambukizi yaishe.

Limebaki daftari. Rejista ya wodi hukaa mezani, na kila anayepita kuulizia ndugu yake anaweza kuisoma. Kwenye safu ya ugonjwa andika utambuzi wa kitabibu: mimba iliyoharibika bila kukamilika, yenye maambukizi. Kisha orodhesha ulichofanya na njia ya uzazi wa mpango aliyoondoka nayo. Usiandike "ametoa", wala alama ya kuuliza, wala nyota ambayo zamu nzima inajua maana yake. Habari ya kifaa kilichoingizwa ikae ndani ya faili la mgonjwa, kwenye ukurasa wa historia, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku ataihitaji tumbo likianza kukaza saa nane usiku. Sasa nipokee maswali, na naomba wa zahanati waanze.